Amelala, Mungu kampenda zaidi, au amekufa? Majibu matatu ya kumpa mtoto wa shule ya Jumapili

Jumapili moja mvulana wa miaka 6 wa darasa langu alibaki nyuma wenzake walipotoka kwenda kunywa uji. Bibi yake alikuwa amezikwa Ijumaa. Akasimama karibu na meza, anakunja kona ya kitambaa na kuikunjua, kisha akaniuliza: "Mwalimu, bibi ataamka lini? Nikiwaambia wafungue, wananiambia ninyamaze."

Mtoto yule alikuwa amefuata maneno aliyopewa, hatua kwa hatua. Siku ya msiba waliambiwa wasipige kelele uani kwa sababu bibi amelala. Baadaye akaona jeneza linafungwa kwa skrubu, linashushwa kwa kamba, udongo unarudishwa, na mafundi wanamimina zege juu. Alichokiona yeye ni watu wazima wakimzika mtu aliye usingizini. Mama yake akaniambia kwamba tangu siku ile hataki kufumba macho usiku, na yeye mwenyewe akisinzia, mtoto anamfunua kope kwa vidole.

Walimu wa shule ya Jumapili tunaulizwa maswali haya bila taarifa, mara nyingi mlangoni, na tunajibu kwa maneno tuliyozoea kuyasikia msibani. Nimeyapanga majibu hayo katika makundi matatu ili tuyaone bega kwa bega. La kwanza ni "amelala", pamoja na nduguze "amesafiri", "ametutoka" na "ametangulia". La pili ni "Mungu amempenda zaidi". La tatu ni "amekufa". Mimi nachagua la tatu, ila kwa namna maalumu nitakayoieleza, na sisemi kwamba mawili ya mwanzo hayana mahali pake.

Amelala

Nguvu ya jibu hili ni kwamba limo katika Maandiko. Paulo anawaandikia Wathesalonike habari za "waliolala mauti". Bwana Yesu mwenyewe alisema binti Yairo, msichana wa miaka 12, amelala tu. Mtu mzima akilisikia neno hili kaburini anafarijika, kwa sababu anajua tayari kwamba ni kifo kinachosemwa, na kwamba usingizi ni mfano wa kuamshwa siku ya mwisho.

Mtoto mdogo hajui hayo mawili. Na hapa sura ya 11 ya Yohana inatusaidia kuliko kitabu chochote cha mafunzo ya ualimu. Yesu anawaambia wanafunzi, "Rafiki yetu, Lazaro, amelala." Wao wanajibu kwamba ikiwa amelala, atapona. Hawa ni watu wazima waliotembea naye, na bado neno liliwapeleka pembeni. Basi Yesu akaliacha neno la upole, na mstari wa 14 unasema aliwaambia waziwazi, Lazaro amekufa. Alianza na mfano, akaona haukueleweka, akasema jambo lenyewe. Mwalimu anayeogopa kwamba neno "amekufa" ni kali mno kanisani anaweza kuushika mstari huo.

Kuna sababu nyingine, nayo inahusu umri. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha kazi aliyoifanya na watoto wa Hungaria kati ya miaka 3 na 10, akaonyesha kwamba wadogo kabisa hukiona kifo kama kuondoka au kulala, hali ambayo mtu anaweza kurudi kutoka kwake. Watafiti waliokuja baadaye wameyagawa mambo ambayo mtoto lazima ayaelewe katika manne: aliyekufa harudi, mwili wake hauoni, hausikii na hauhisi, kila kilicho hai hufa, na kifo kina sababu. Wengi huanza kuyashika kati ya miaka 5 na 7, na kufikia miaka 10 hivi huwa wameyashika yote. Sasa mtazame mtoto wa miaka 4 au 5 anayehangaika na mambo mawili ya kwanza, halafu sisi tunakuja kumwambia bibi amelala. Tunamrudishia kosa lile lile alilokuwa anajaribu kulivuka.

"Amesafiri" ni baya zaidi. Mtoto anangoja. Anakasirika kwamba hakuagwa. Halafu mama akipanda basi kwenda mjini kununua bidhaa, mtoto analia kama amefiwa, na hakuna anayeelewa kwa nini.

Kwa hiyo "amelala" liache kwa vijana wa kipaimara na kuendelea, ambao unaweza kuwafungulia Yohana 11 wakaona mfano na ukweli vimesimama pamoja. Kwa walio chini ya miaka 8 silitumii.

Mungu amempenda zaidi

Msibani kwetu maneno haya hayakosekani. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Akifariki mtoto mchanga tunasema Mungu amechuma ua lake. Naelewa kwa nini tunasema hivyo. Mtu mzima anapata pa kushika, anajua kwamba ndugu yake hakupotea ovyo, yumo mkononi mwa Mungu.

Lakini sikiliza neno "zaidi" kwa masikio ya mtoto. Zaidi ya nani? Zaidi yangu mimi. Yaani mimi nilimpenda mama kidogo, Mungu akamshinda mtu wa upendo mdogo. Au atalisikia kwa upande mwingine: Mungu huwachukua anaowapenda. Nilikuwa na msichana wa miaka 8 ambaye kaka yake alifariki. Baada ya miezi miwili hivi niligundua kwamba wakati wa sala hafungi mikono na nyimbo haimbi, ilhali zamani ndiye aliyekuwa anaanzisha pambio. Nilipomuuliza tukiwa wawili tu alinijibu kwa sauti ya chini, "Sitaki Mungu anipende zaidi." Alikuwa anajificha asionekane.

Na kile kifungu cha Ayubu tukisome vizuri. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya mfiwa mwenyewe, mtu mzima, akisema juu ya watoto wake 10. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia hivyo. Wageni wake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo ndipo walipofanya vema. Walipoanza kueleza kwa nini yamempata, waliishia kukemewa na Mungu katika sura ya 42. Mfiwa akiyasema maneno hayo kwa imani yake, ni ungamo. Mwalimu akimwekea mtoto mdomoni, anamkabidhi Mungu wa kuogopwa gizani.

Jibu hili sioni umri wa kulitumia darasani. Mtoto akija nalo kutoka nyumbani, usimkemee wala usimdharau shangazi aliyemwambia. Sema, "Shangazi alitaka kukufariji. Mungu anampenda kaka yako, na wewe anakupenda vilevile. Kaka hakufa kwa sababu Mungu alimpenda. Alikufa kwa sababu aliumwa sana." Rudia sentensi hiyo ya mwisho siku nyingine pia, maana mara moja haitoshi.

Amekufa

Katika Kiswahili chetu kumwambia mtu kwamba mama yake "amekufa" kunasikika kama kukosa adabu, ndiyo maana tunasema amefariki. Nami silipingi hilo. Ninachofanya ni kuyaunganisha kwa pumzi moja: "Bibi amefariki, yaani amekufa." Adabu inabaki, na mtoto anapata neno analolijua, lile alilolitumia kuku alipokufa uani.

Halafu eleza mwili. Yule mvulana nilimwambia aweke mkono kifuani, akae kimya. Alipousikia moyo, akanitazama. Nikamwambia: "Huo moyo unadunda ukiwa macho, ukiwa umelala, ukicheza mpira. Mtu aliyelala moyo wake unadunda na anapumua. Bibi aliumwa ugonjwa mkubwa sana, moyo wake ukaacha kudunda. Madaktari hawakuweza kuurudisha. Moyo ukiacha kabisa, mtu amekufa. Hapumui, hasikii njaa, hasikii baridi, haumii. Haamki kesho wala keshokutwa."

Angalia maneno "ugonjwa mkubwa sana". Ukisema "aliumwa akafa" na kuishia hapo, mtoto akipata mafua wiki ijayo atadhani zamu yake imefika. Inafaa kuongeza kwamba yeye huumwa na kupona, na mama huumwa na kupona, ila huu ulikuwa ugonjwa wa namna nyingine.

Baada ya hapo ndipo tumaini linaingia. Mpangilio huu una maana. Ukianza na ufufuo kabla mtoto hajaelewa kwamba mwili umekoma, ataupokea ufufuo kama ratiba, na atauliza kama ni Jumamosi. Mimi husema: "Bibi alimwamini Yesu. Yesu alikufa, akafufuka, akaahidi kwamba atawafufua watu wake. Hatujui siku. Mpaka siku hiyo Mungu hamsahau bibi." Kisha naweza kuwasomea Ufunuo 21, pale panaposema Mungu atafuta kila chozi na mauti haitakuwapo tena. Watoto wanapenda kusikia kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayefuta.

Udhaifu wa jibu hili usifichwe. Likiachwa peke yake, bila kukaa na mtoto, ni baridi. Linachukua muda kuliko yale mawili, na linazaa maswali mengine papo hapo. Pia lina hatari ukilisema mbele ya darasa zima wakati nyumbani mtoto bado hajaambiwa lolote. Nilifanya kosa hilo mara moja: nilimpa pole msichana mbele ya wenzake, kumbe wazazi walikuwa hawajamwambia kwamba mdogo wake hospitalini ameshafariki. Tangu siku hiyo nampigia simu mzazi au mlezi kwanza, namuuliza mambo mawili tu: mtoto anajua nini, na nyumbani mmetumia neno gani.

Swali moja, majibu matatu

Mvulana yule hakuishia kwenye kuamka. Aliuliza, "Na anakula nini kule chini?" Hapa ndipo majibu yanaonyesha tofauti. Ukishika "amelala", huna pa kwenda, maana aliyelala huamka na njaa, utalazimika kutunga. Ukishika "Mungu amempenda zaidi", utasema anakula na malaika, naye atauliza mbona alizikwa chini na si kupelekwa juu. Ukishika "amekufa", jibu unalo: mwili uliokufa hauhitaji chakula, haupumui, kwa hiyo zege halimbani. Alitulia kwenye hilo la zege. Sikujua kama ndilo lililokuwa likimsumbua mpaka nilipolisema.

"Tuliomba, mbona Mungu hakumponya?"

Hili ni swali la watoto wa miaka 8 hadi 12, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Wenzangu wengine hujibu kwamba pengine imani ilipungua. Tafadhali tusilitamke hilo. Mtoto atakumbuka usiku aliosinzia kabla ya kumaliza sala, na atajihesabu muuaji. Wengine husema Mungu ana mpango. Huenda ni kweli, lakini mtoto wa miaka 9 anasikia kwamba kufiwa na baba kulipangwa.

Mimi humrudisha Bethania. Martha alimwambia Yesu usoni kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Ni swali lile lile la mtoto, tena lina lawama ndani yake, na Yesu hakumkaripia. Mistari michache mbele, akiwa anajua kabisa atamfufua Lazaro, Yesu akalia machozi. Basi namwambia mtoto: "Sijui kwa nini hakupona. Nimeuliza na mimi. Ninachojua ni kwamba Mungu alisikia mlivyoomba, na hakukasirika kwa sababu unauliza." Kusema "sijui" mbele ya watoto kuliniogopesha mwanzoni. Sasa naona kwamba ndiyo sentensi wanayoiamini upesi zaidi, na baada yake ndipo wanaposema la moyoni.

Likiwa swali ni "Ni kweli jirani alimroga?", na kwetu litakuja, usibishane juu ya uchawi kwa nusu saa. Mtoto anatafuta wa kulaumiwa kwa sababu amewasikia wakubwa wakinong'ona jikoni. Katika Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Mpe mtoto sababu halisi kama mzazi ameruhusu: shinikizo la damu, ajali ya bodaboda, malaria iliyochelewa kutibiwa. Kisha zungumza na mlezi, maana mtoto huyo ataanza kumkimbia jirani huyo njiani.

Swali wasilouliza

Watoto wa miaka 4 hadi 8 huamini kwamba wazo au neno lao linaweza kuleta jambo. Aliyewahi kusema "nakuchukia" kwa mdogo wake, kisha mdogo akafariki, anabeba hukumu ambayo hatakuambia. Usingoje aulize. Liseme wewe, kwa sauti ya kawaida, hata kwa darasa zima: "Ulichosema, ulichowaza, au kukosa kwako utii hakukumuua mtu. Maneno ya hasira hayaui." Siku nilipolisema hivyo kwa mara ya kwanza, mtoto ambaye hata sikujua amefiwa alianza kulia.

Kuhusu "yuko mbinguni au motoni", uwe mfupi. Makanisa yetu yanafundisha tofauti: Waadventista Wasabato wanafundisha kwamba wafu hawajui lolote mpaka ufufuo, Wakatoliki wanawaombea marehemu, na Walutheri na wengine wengi husema waaminio wako na Kristo. Muulize mchungaji au katekista wako kabla swali halijakukuta, ili mtoto asisikie hili kwako na lile mimbarini. Wasabato watakuwa na sababu ya kulishika neno "amelala" kuliko mimi; kwao ningeshauri tu litanguliwe na maelezo ya mwili, kama nilivyoonyesha hapo juu. Na hukumu ya marehemu yeyote kwa jina lake usiitamke. Sema yuko mikononi mwa Mungu aliye mwenye haki na huruma, uishie hapo.

Baada ya jibu

Mtoto atasikiliza dakika tano, kisha atakimbia kucheza. Si kwamba hajali. Huzuni yake huja na kuondoka, na swali lile lile atalirudia wiki tatu mfululizo. Jibu kwa maneno yale yale. Ukibadilisha, atadhani na ukweli umebadilika. Akicheza mazishi na wenzake, akimzika mdoli na kuimba, mwache, anajifunza.

Kinachopaswa kukushtua ni vingine: wiki zinapita mtoto hali chakula, hataki shule, anakojoa kitandani wakati alishaacha, au anasema anataka kufa amfuate mama. Hilo la mwisho usilichukulie kama utoto. Mwambie mlezi siku hiyohiyo na mpelekeni kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto, unaweza kuipiga wewe mwenyewe kuomba ushauri.

Mvulana wangu alilala usiku ule, ingawa si wote uliofuata. Jumapili ya pili aliniuliza tena kama bibi ataamka, nami nikamjibu kwa maneno yale yale, mkono wake ukiwa kifuani. Jumapili ya nne, wakati wa uji, nilimwona ameuweka mkono wa mdogo wake kifuani anamwonyesha mahali moyo unapodunda, anamweleza kwamba wa bibi uliacha, na kwamba Yesu anajua kaburi liko wapi.